Bosi kazaliwa leo na grupu zima la kazini linasoma: jinsi ya kumuandikia mkubwa wako bila kujichoma

Oktoba hii, msimu ndo umefunguka, malori ya korosho yanaingia ghalani tangu alfajiri, kijana wetu mmoja wa stoo akanifuata kwenye mwembe pale nje na simu mkononi. "Kaka shikamoo, nisomee hii kabla sijaituma." Mama Mhasibu alikua anatimiza mwaka siku hiyo na watu washaanza kumpongeza kwenye grupu la ofisi, sa yeye ana mwaka mmoja tu kazini na hataki aonekane kimya. Nikasoma alichoandika. Nikamwambia mdogo wangu weka simu mfukoni kwanza, kaa hapa.

Alikua ameandika hivi:

"Hepi besdei mama yetu kipenzi 😍😍 miaka 58 sio mchezo 😂 bado unawaka! Bila wewe ile siku kilo 340 zilipopotea ghalani saa hizi ningekua nishafukuzwa. We ni zaidi ya bosi. Nakupenda sana mama. Keki tunakula saa ngapi?"

Hakuna tusi hapo, na moyo wa mtu ni mzuri kabisa, lakini karibu kila sentensi ina mtu wa kuumia. Ntaipitia hiyo hiyo mpaka mwisho maana ukiona ilivyotengenezwa upya utaelewa kuliko nikikupa mifano kumi ya kukopi.

Na kabla hujamcheka huyo kijana, mimi nilishafanya kubwa kuliko hiyo. Ofisi niliyokua zamani, siitaji, nilichelewa kurejesha masurufu ya safari ya Newala, risiti zimenipotea mbili, na bosi wangu wa kike akanivumilia wiki nzima mpaka nikazipata. Siku yake ya kuzaliwa nikamwaga shukrani kwenye grupu, "asante mama kwa kunivumilia yale masurufu, mwingine angeniripoti". Nikaona nimeandika kitu cha kutoka moyoni. Mle ndani alikuwemo mkaguzi wa ndani. Alikuwemo na mkurugenzi. Bosi akajibu neno moja, "Asante", na kesho yake asubuhi akaniita ofisini akafunga mlango. Sikufukuzwa, ila yeye ndo aliyetakiwa kueleza kwanini masurufu ya mtu yalikaa nje ya muda na yeye anajua. Nimempongeza mama wa watu nikamuandikia hoja ya ukaguzi.

Kwaiyo jambo la kushika kabla ya hatua yoyote ni kwamba ujumbe wa grupu anayeandikiwa ni mmoja ila wanaosoma ni wote. Humwambii Mama Mhasibu kitu, unasema habari zake mbele ya mabosi zake, mbele ya anaowasimamia, mbele ya yule asiyeelewana naye, na mbele ya wale wa makao makuu Dar ambao hawajui hata sura yako. Grupu letu lina watu 43. Kaa ukijua pia kuna skrinshoti.

HATUA YA 1: hakikisha ni kweli kazaliwa leo na kwamba anapenda isemwe

Hii watu wanairuka. Wazee wengi huku kwetu tarehe zao za kwenye makaratasi ni za kuandikishia shule au kitambulisho, mtu alizaliwa msimu wa mvua fulani, karani akaandika tarehe 1 Januari au 1 Julai mambo yakaisha. Ukiona tarehe ni moja kati ya hizo mbili usikimbilie, uliza mtu wa karibu yake. Kuna mzee mmoja tulimpongeza 1 Januari miaka mitatu mfululizo akawa anajibu "amina" kwa adabu tu, mwaka wa nne ndo akatwambia yeye alizaliwa kipindi cha kuvuna mtama.

Afu kuna wasiosherehekea. Mtwara na Lindi ukanda huu wa pwani Waislamu ni wengi, na wapo ambao kwao kusherehekea siku ya kuzaliwa hawakubaliani nako, wapo pia walokole wa aina hiyo, na wapo ambao hawana shida yoyote na keki wanakata. Huwezi kujua kwa kuangalia kanzu au hijabu. Angalia mwaka jana alifanyaje: kama aliwajibu watu kwa furaha, sawa, kama alikaa kimya kutwa nzima afu akaandika kitu kingine cha kazi, hilo ni jibu tosha, mtumie dua pembeni au acha.

Na tarehe uwe umeipata kihalali. Kama umeiona kwenye faili lake kwasababu we ni wa utumishi, usiwe wa kwanza kuitoa hadharani. Subiri aitoe mwenyewe au mtu wake. Kwa Mama Mhasibu haikua shida, mwenyewe aliweka status tangu usiku na mkuu wa ofisi akaanzisha kwenye grupu.

HATUA YA 2: pandisha grupu juu usome kabla hujaandika

Dakika moja tu. Unatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza msiba. Kama mtu kaweka tanzia jana usiku au asubuhi, mfanyakazi mwenzenu kafiwa na baba yake Masasi na watu wanaandika "innalillahi" na "pole sana", we ukaja chini yake na keki na maputo, hata ungeandika maneno ya dhahabu utaonekana huna utu, na mbaya zaidi unamuweka mwenye besdei mahali pabaya, maana akikujibu kwa furaha na yeye ataonekana hana utu. Toa pole kwanza kama hujatoa. Besdei mpelekee pembeni kimya kimya. Hapo hapana mjadala.

Cha pili ni tangazo la kazi. Siku hiyo saa 1 asubuhi kulikua na tangazo la malori mangapi yanapokelewa na ghala gani lianze. Watu kumi wakishusha pongezi hapo hapo tangazo linapanda juu linapotea na dereva anakuja kuuliza "leo tunashusha wapi". Kama kuna tangazo la haraka subiri lijibiwe.

Cha tatu angalia nani kashaandika. Kama we ni mdogo usiwe wa kwanza, na ndo sheria yangu hiyo hata kama hakuna mahali imeandikwa. Mkuu wa ofisi au mtu wa utawala afungue, wenzake wa rika lake wafuate, we ingia wa nne wa tano. Ukiwa wa kwanza kabla ya mkuu watu wanasoma kingine, hasa ukituma saa 6 kamili usiku. Kuna vijana wanategea saa 6 usiku kama kwa mchumba. Kwa mkubwa wa kazini tuma kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Ijumaa usiisukumize kwenye saa 6 na saa 7 mchana, watu wapo msikitini. Na ikiangukia Ramadhani, mapicha ya keki na soda mchana kweupe yaache, maneno peke yake yanatosha.

HATUA YA 3: shikamoo, na jina lake la kazini

Anza na shikamoo. Nimeshasikia vijana wanasema "mbona kwenye meseji haina maana", ina maana, hasa huku kusini, mtu mzima akikosa shikamoo yake anaiona kabla hajaona besdei. Na iandike yote. Sio "shkm", sio "skamoo". Ukifupisha salamu ni kama umemsalimia huku unatembea.

Jina: mwite kama mnavyomwita kwenye kikao, usimwite kama mnavyomwita kwenye chai. Ofisini kwetu yeye ni "Mama Mhasibu" kwa kila mtu kuanzia mlinzi mpaka mkuu, kwaiyo hilo ndo jina. Hospitali wangeandika Matroni au Dokta, shuleni Mwalimu au Madam, halmashauri mtu ataandika cheo. Kama mnamwita mama wa fulani, yaani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hata mkuu anamwita hivyo kwenye grupu, tumia. Kama mnamwita hivyo wanawake tu jikoni, usilipeleke grupuni, utakuta kuna wakuu wa Dar wanaulizana huyo ni nani.

Sa tuangalie ya kijana: "mama yetu kipenzi" na vile visura vya mapenzi machoni. Neno "mama" halina tatizo, ni heshima. "Kipenzi" ndo tatizo likitoka kwa kijana wa kiume wa miaka 26 kwenda kwa mkuu wake wa kazi mbele ya watu 43. "Nakupenda sana mama" hivyo hivyo. Angekua anamwambia pembeni baada ya miaka mitano ya kufanya kazi pamoja ningenyamaza, ila grupuni kuna mtu ataligeuza. Tukafuta. Emoji za mioyo, busu na macho ya mahaba zote nje. Keki 🎂, ua 💐, mikono 🙏🏾, basi, na isizidi mbili. Stika nazo zina balaa lake maana mtu anabonyeza haraka anatuma ile ya mdada anakata kiuno, nimeshaiona kwa macho yangu kwenye grupu lenye mkuu wa wilaya mstaafu.

HATUA YA 4: umri usiuguse

Hapa nataka nikae kidogo maana watu wanadhani ni suala la wanawake kutopenda kutajwa miaka. Hapana, ni la mwanaume na mwanamke sawa, na ni la kazi.

Kwenye utumishi wa umma mtu anaweza kustaafu kwa hiari akifika 55 na akifika 60 ni lazima, na sisi kwenye ofisi yetu hesabu ni hizo hizo. Ukiandika "miaka 58" kwenye grupu, watu hawasomi 58. Wanasoma "bado miwili". Anayeitaka nafasi yake anahesabu, aliye chini yake anaanza kufikiria atapanda lini, na mkuu wa Dar anakumbuka kumbe huyu anakaribia kuondoka mbona hatujapanga mrithi. Yote hayo umeyaamsha we na vile vicheko vyako vya 😂. Na kama tarehe za kwenye faili haziendani na anazosema mdomoni, ambayo sio ajabu kwa watu wa rika lile, unakua umemfungulia faili hadharani.

"Bado unawaka" ni umri huo huo umevaa nguo nyingine. "Hauzeeki", "kama binti", "umri ni namba tu", "mzee wetu kijana", zote ni umri. Muonekano pia usiuguse, umependeza, umenenepa vizuri, hapana. Kama unataka kugusa miaka ingia kwa dua, "Mungu akujalie maisha marefu", hapo umegusa mbele haujagusa nyuma.

Na utani. Najua, huku kwetu utani ni damu, mtu anakutana na mtani wake stendi anamwambia maneno ambayo mtu mwingine angepigwa, na msibani ndo usiseme. Kama wewe na bosi ni watani wa kabila na yeye ndo huwa anaanza kukutania mbele za watu basi una nafasi kidogo. Ila angalia mambo mawili. Moja, mtani wako wa jikoni ofisini ni mkuu wako, akikutania anashuka, ukimtania unapanda, sio kitu kimoja. Pili, kwenye grupu kuna watu wa mikoa mingine ambao huo utani hawaujui, wanachoona ni karani anamwambia mhasibu mkuu "leo ndo siku tuliyopata hasara ya kulea". Akijibu kwa kucheka hawajui kama kacheka kweli. Mi naonaga utani umuachie aliye rika lake, we sogea na heshima yako tu.

HATUA YA 5: kitu kimoja cha kweli, kisichomuuza mtu

Hii ndo sehemu inayotofautisha ujumbe wako na ile mingine 30 inayosema "heri ya kuzaliwa bosi wetu mchapakazi, Mungu akubariki". Hiyo sio mibaya, ila hakuna anayeikumbuka. Unahitaji kitu kimoja tu, kidogo, ulichokiona kwa macho yako akikifanya. Ukitaja vitatu inakua risala.

Kijana wetu alikua nacho, na ni kizuri kweli. Msimu uliopita kilo 340 za kwenye stakabadhi ziligoma kulingana na karatasi za mizani. Kijana akachanganyikiwa akajua ndo mwisho wake. Mama Mhasibu akavuta kiti, akamwita akae pembeni yake, wakapitia karatasi moja moja mpaka saa 4 usiku. Hakumgombeza. Alichofanya ni kutoa rula ya plastiki kwenye droo, akaiweka chini ya mstari, akamwambia "soma kwa sauti, namba moja moja, ukimaliza shusha rula". Karatasi ya ishirini na kitu ndo wakakuta mtu kaandika mzigo mmoja kwenye mstari wa lori jingine. Kilo hazikupotea, ziliandikwa mahali sio.

Sasa akiandika "ile siku kilo 340 zilipopotea ghalani" angalia nani wanaumia. Msimamizi wa ghala yumo kwenye grupu. Aliyeandika mstari mbaya yumo kwenye grupu. Wakuu wa Dar yawezekana hawajawahi kusikia hiyo habari maana ilimalizwa usiku ule ule, na leo wanasoma neno "zilipopotea" kwenye msimu wa korosho, neno ambalo ukilitamka tu wakulima wa chama wakasikia hawalali. Na Mama Mhasibu mwenyewe ataulizwa mbona hukuripoti. Yale yale ya masurufu yangu.

Kwaiyo namna ya kupima ni hii, ninaitumia mwenyewe: soma ulichotaka kusifia, afu jiulize, ili watu waelewe hii sifa wanatakiwa kujua kosa la nani? Kama kuna kosa la mtu ndani yake, liwe lako, lake au la mwenzenu, ondoa tukio ubakize tabia. Nikamuuliza kijana, ukitoa zile kilo unabaki na nini? Akafikiria, akasema "rula". Nikamwambia ndo hiyo hiyo. Rula haimuumizi mtu, haimtaji ghala, na Mama Mhasibu akiisoma atajua kabisa unaongelea usiku gani, wengine wataona mwalimu mzuri tu. Mnakua mmeongea siri mbele za watu na hakuna aliyesikia.

Vitu vingine vya kutovitaja hata kama ni sifa: hela aliyokukopesha, ruhusa aliyokupa, kazi aliyokutafutia, ugonjwa wake, watoto wake, mume wake. "Asante kwa kunipigania nikapata nafasi hii" inasomeka vizuri kwako, kwa mwenzako aliyekosa nafasi inasomeka tofauti kabisa. Na usimlinganishe, "bosi bora kuliko wote niliowahi kufanya nao", wale wote wamo mle ndani, mmoja ndo aliyefungua pongezi asubuhi.

HATUA YA 6: dua

Fupi. Kama una uhakika na dini yake tumia ya kwake, kama hauna, "Mwenyezi Mungu" wanaitumia wote na "amina" wanaitikia wote. Omba afya, maisha marefu, baraka. Usimuombee kitu kinachoonyesha kakikosa, sijui Mungu akupe mume, akujalie mtoto, akupandishe cheo. Hiyo ya cheo hasa, mbele ya mkuu wake aliyeko kwenye cheo hicho, we ndugu yangu.

"Keki tunakula saa ngapi" ikafutwa. Mkubwa akitaka kuwalisha atasema mwenyewe, na mkiamua kumchangia keki fungueni pembeni bila yeye, mchango usitajwe kwenye ujumbe wa pongezi wala usitajwe nani katoa nani hajatoa. Habari za kummwagia maji ndo kabisa, hayo mambo ya kushtukizana na ndoo ni ya rika moja.

HATUA YA 7: andika kwanza mahali pengine, afu tuma

Usiandikie moja kwa moja kwenye grupu maana kidole kinateleza. Andika kwenye noti ya simu, isome kwa sauti ndogo, afu kopi. Mistari mitatu minne, isizidi hapo, ikifika mahali watsapu inaleta "soma zaidi" ujue umehutubia. Usifowadi ya mtu, ile alama ya kuonyesha imefowadiwa inaonekana na kila mtu, na ukikopi ya mwaka jana kagua jina, nimeshaona Mama Mhasibu anapongezwa kwa jina la dereva.

Tulichotuma ni hiki:

"Shikamoo Mama Mhasibu. Heri ya siku ya kuzaliwa. Nakushukuru kwa kunifundisha kuweka rula chini ya mstari na kusoma namba moja moja kabla sijasaini, mpaka leo kila stakabadhi naisoma hivyo. Mwenyezi Mungu akupe afya njema, maisha marefu na baraka tele. 🎂🙏🏾"

Imetoka ndefu kidogo kuliko ninavyopenda ila ile sentensi ya rula sikutaka kuikata. Kijana alitaka kuongeza "mama yetu" mwishoni, nikamwachia achague, akaacha.

Ukishatuma ukaona kosa, kwenye watsapu unaweza kuhariri ndani ya dakika 15, itabaki alama ndogo kwamba umehariri, hakuna shida, herufi imekosewa tu. Kufuta ni kitu kingine. Ukifuta kwa wote panabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na hapo ndo watu wanaanza kukufuata pembeni "uliandika nini?" na kuna aliyekwisha soma kwenye taarifa juu ya kioo. Kosa la jina au kitu cha kumuumiza mtu futa haraka, tuma sahihi, na mwenyewe mpigie umwombe radhi. Kosa la koma liache.

HATUA YA 8: baada ya kutuma

Kaa kimya. Akijibu "asanteni wote" hiyo imekujibu na wewe, usimkoti tena. Akikujibu wewe peke yako, "amina mama" moja, au gusa alama ya mikono kwenye ujumbe wake, imeisha. Sio mnaanza maongezi ya watu wawili kwenye grupu watu 41 wakiwatazama. Na asipokujibu usiumie na usiulize, siku hiyo kashika simu saa ngapi na malori yapo getini.

Yale yote uliyokatazwa, zile kilo, ule usiku, lile neno la kutoka moyoni, sio kwamba yatupwe. Mpeleke pembeni, jioni, kazi ikipoa. Kijana alimwandikia hivi na hapa sikumsaidia hata neno:

"Shikamoo mama. Kule kwenye grupu nisingeweza kusema haya. Siku ya zile kilo ulikaa na mimi mpaka usiku na hukunigombeza mbele ya mtu. Nyumbani niliwasimulia, mama yangu mzazi anakuombea. Heri ya kuzaliwa mama."

Nikaondoka zangu kwenda Mikindani kuchukua samaki. Saa 2 usiku kijana ananitumia skrinshoti na vicheko vingi, Mama Mhasibu kajibu pembeni:

"Marahaba mwanangu. Mungu amuweke mama yako. Kumbe ile rula unayo wewe, kesho niirudishie."